Mvuke wa mkate hauonekani kwenye picha ya kipeperushi, nakosea wapi?

MwokajiMpya: Wakuu, napiga picha ya kipeperushi cha duka, saizi ya A5. Kuna mkate mmoja uliokatwa na skonzi nne juu ya ubao wa mbao, nyuma ukuta mweupe, na dirisha liko mgongoni kwangu. Mkate unatoka ovenini moto kabisa ila mvuke hauonekani. Unga niliourusha nao umetoka kama uchafu. Nifanyeje?

Shata250: Tumia flashi, mkuu. Shata 1/1000 itagandisha unga, na mvuke utaonekana.

JichoKali: Hiyo kasi kwa unga ni sawa, lakini flashi ya mbele itaua mvuke. Mvuke ni vitone vidogo vya maji, unang'aa pale mwanga unapoupita kutoka nyuma kuja kwenye lenzi, na lazima nyuma yake pawe na giza. Geuza meza: dirisha liwe nyuma ya mkate, kwa pembeni kidogo lisiingie kwenye fremu. Ukuta utakaokuwa nyuma ya mkate ufunike kwa kitambaa cheusi, umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye mkate. Mbele simamisha kadibodi nyeupe, la sivyo upande wa mkate unaotazama kamera utakuwa mweusi.

Halafu mkate usiukate ukiwa moto. Ndani utanata na kisu kitauchana. Piga mkate uliopoa, kamera ikiwa kwenye stendi. Bila kuisogeza wala kugusa mipangilio, ondoa vitu vyote pamoja na meza, weka kikombe cha maji yanayochemka juu ya kitu kifupi, chini ya pale mkate ulipokuwa, na upige mvuke peke yake, kikombe kikiwa nje ya fremu kwa chini. Kwenye programu ya kuhariri, weka picha ya mvuke juu ya ile ya mkate kwa modi ya kuchanganya tabaka iitwayo `Screen`. Cheusi kitapotea, mvuke utabaki. Kitambaa kikitoka kijivu, picha nzima itapauka, kwa hiyo kwanza kitie giza kwenye programu hadi kiwe cheusi kabisa.

MamaSkonzi: Ubao wangu ulipasuka baada ya kuoshwa, nipake mafuta gani?

JichoKali: Dada, hilo lifungulie uzi wake. Ila kwa picha, ubao wenye vanishi haufai: mwanga wa nyuma unautia doa jeupe la kung'aa.

MwokajiMpya: Mvuke umekubali! Unga je?

JichoKali: Usiurushe kwa mkono, unatoka mabonge. Kijiko kimoja kwenye chekeche, ligonge sentimita 30 hivi juu ya ubao. Fanya hivyo mwisho kabisa, mkate ukiwa mkavu, maana kwenye ganda lenye unyevu unga unageuka uji. Skonzi zilizopakwa yai zisogeze pembeni, la sivyo mng'ao wake utafunikwa na unga.

Shata250: Sasa mvuke wa kikombe kwenye mkate uliopoa si kumdanganya mteja?

MwokajiMpya: Hata mimi najiuliza. Labda niuweke hafifu tu.