Kolamu ipo kwenye faili, Power BI inasema haipo. Nitajuaje mapema zikibadilishwa tena?

mhasibu_mdogo
Wakuu habari za jioni. Niko kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Mfumo wa mauzo unatoa faili la CSV saa 11 alfajiri, saa 12 Power BI inalivuta, saa 2 bosi anafungua ripoti na chai yake mkononi. Mwezi uliopita asubuhi moja ikagoma:

```
Expression.Error: The column 'marejesho' of the table wasn't found.
```

Nikafungua faili kwa Excel. Marejesho ipo, kolamu ya mwisho kabisa, imejaa namba. Nikafikiri macho yangu yana matatizo. Ikagoma siku 4 mfululizo, ya nne ratiba ikajizima yenyewe. Baadaye nikagundua wenye mfumo wameongeza kolamu ya njia_malipo bila kutuambia. Nimeshalitatua, sasa inapita vizuri. Ninachoomba ni njia ya kujua mapema wakiongeza, wakibadili jina au wakifuta kolamu, kabla haijaninyima usingizi tena. Nawasilisha.

Kaka_Mkubwa_Temeke
Achaneni na mfumo huo. Mteja analipa, anabadilishiwa faili bila taarifa, halafu anatafuta ushauri mtandaoni! Waandikieni barua rasmi, kila badiliko litanguliwe na taarifa ya siku 14.

mhasibu_mdogo
Mkuu, barua siandiki mimi, anaandika bosi. Mimi naomba mbinu.

fundi_wa_ripoti
Rahisi hiyo. Fungua Power Query, futa hatua ya `Changed Type`. Power BI huiweka yenyewe ukishavuta faili, na ndiyo inayotaja kolamu moja moja kwa jina. Ukiifuta, hatua hiyo haitalalamika tena kwamba kolamu haipo.

Mama_Seva
Fundi, hapo umezima king'ora na moto unaendelea. Akifuta hatua hiyo kosa hilo la Power Query litaondoka, ila marejesho haitarudi. Mdogo wangu, umesema umelitatua. Umelitatuaje?

pwani_data
Nami yamenipata huku Mombasa, ila langu lilikuwa la folda. Faili za matawi 12 zaunganishwa kwa Combine Files. Mwezi wa tatu tawi moja likaongeza kolamu ya bima. Hakuna kilichogoma, hakuna aliyelalamika, na bima haikuonekana kwenye ripoti hata siku moja. Nimekuja kujua kumbe orodha ya kolamu yachukuliwa kwenye faili la mfano, nalo kwangu lilikuwa la kwanza kwenye folda, la Januari, halina bima. Miezi mitano! Meneja wa bima alidhani namficha.

Chumvi_Nyingi
Meneja wa bima alikuwa sahihi 😂

Mama_Seva
mhasibu_mdogo, bado nasubiri.

mhasibu_mdogo
Samahani dada, nilikuwa kwenye daladala. Niliona mtu ameshauri niongeze hatua hii baada ya vichwa, ikakubali mara moja:

```
Table.SelectColumns(#"Promoted Headers", Orodha, MissingField.UseNull)
```

bi_hesabu
Mimi si mtu wa kompyuta, ni mhasibu. Nisaidieni kuelewa: UseNull maana yake kolamu isipoonekana inajazwa utupu? Kama ndivyo, marejesho yote tangu siku hiyo ni tupu. Na mauzo halisi mnayapataje?

mhasibu_mdogo
Jumla ukitoa marejesho. Kwenye ripoti ni SUM ya jumla kutoa SUM ya marejesho.

bi_hesabu
Na SUM ya utupu, ukiitoa?

mhasibu_mdogo
Inahesabika kama sifuri.

bi_hesabu
Kwa hiyo wateja wenu wameacha kurudisha mali tangu mwezi uliopita. Hongereni. Hiyo ripoti inatumika kwa nini kingine zaidi ya chai ya bosi?

mhasibu_mdogo
Mnanibana sana. Haya. Kamisheni ya wauzaji inatoka humo, asilimia 2 ya mauzo halisi. Ya mwezi uliopita imeshalipwa. Tawi moja jumla ilikuwa 41,300,000 na marejesho niliyohesabu kwa mkono kwenye Excel ni 2,900,000. Walitakiwa kulipwa 768,000, wamelipwa 826,000. Tofauti 58,000 kwa tawi hilo, na matawi tunayo 6. Lakini si fedha ya kumfunga mtu. Nimepanga mwezi huu niingize marejesho ya mwezi uliopita pamoja na ya sasa, hesabu ijisawazishe yenyewe. Na bosi nimeshamwambia namba ziko sawa. Ndiyo maana swali langu lilikuwa la mbele, siyo la nyuma.

Kaka_Mkubwa_Temeke
Kijana, umeficha kosa, na sasa unataka kulificha na kosa lingine. Mwezi huu muuzaji asiye na hatia atakatwa kwa mali iliyorudi mwezi uliopita, na labda mwenzake aliyezidishiwa ameshaacha kazi. Nenda kwa bosi kabla hajaja kwako.

mhasibu_mdogo
Kaka, wewe hufanyi kazi na bosi wangu.

Chumvi_Nyingi
Wazee, mimi nanusa uongo hapa. CSV inasomwa kwa majina ya vichwa. Kolamu iko kwenye faili, unaiona kwa Excel, halafu Power Query haioni? Na kolamu iliyoongezwa ni nyingine kabisa, njia_malipo, lakini iliyopotea ni marejesho? Hili ni swali la usaili wa kazi, mtu amelivika kanzu ya huzuni ili tumfanyie mtihani. Kamisheni nayo imeingizwa katikati kama tamthilia.

fundi_wa_ripoti
Hata mimi nimeanza kushtuka. Ukiongeza kolamu, za zamani zinabaki.

mhasibu_mdogo
Wallahi si usaili. Nina mke na kodi ya nyumba.

Mama_Seva
Bandika mstari wa kwanza wa query yako, ule wa Source. Njia ya faili tu ndiyo uifiche.

mhasibu_mdogo

```
Csv.Document(File.Contents("..."), [Delimiter=",", Columns=9, Encoding=65001])
```

Mama_Seva
Asante. Chumvi, hadithi inawezekana kabisa, na nilishaihisi aliposema kolamu iliyopotea ni ya mwisho.

Tazameni `Columns=9`. Siku alipounganisha faili mara ya kwanza lilikuwa na kolamu 9, na Power Query ikaandika namba hiyo bila kumuuliza. Hatua hii haijui majina. Vichwa kwake ni mstari wa kawaida tu, vinapandishwa kuwa majina kwenye hatua inayofuata. Wenye mfumo wameingiza njia_malipo katikati, faili likawa na kolamu 10, msomaji akahesabu 9 kutoka kushoto na kuacha ya kumi, ambayo sasa ni marejesho. Kwa hiyo imekatwa kabla jina lake halijasomwa. Excel haina kikomo hicho, ndiyo maana aliiona.

Dawa ya kwanza: futa `Columns=9` na koma yake. Ya pili: toa UseNull kwenye kolamu zinazobeba fedha. Weka ukaguzi unaopiga kelele badala yake. Zinazotarajiwa ni orodha ya majina yako 9:

```
Zilizopotea = List.Difference(Zinazotarajiwa, Table.ColumnNames(#"Promoted Headers")),
Kagua = if List.IsEmpty(Zilizopotea) then #"Promoted Headers"
        else error "Hazipo: " & Text.Combine(Zilizopotea, ", ")
```

Hatua inayofuata lazima ianze na `Kagua`. Ukiiacha ianze na `#"Promoted Headers"` kama zamani, Power Query haitausoma mstari huu kabisa, na utajiona umelindwa kumbe mlango uko wazi. Ikigoma, ripoti inabaki na data ya jana. Namba ya jana yenye tarehe ya jana haimdanganyi mtu. Kolamu mpya usigome kwa ajili yake: geuza pande za List.Difference, matokeo yaweke kwenye kajedwali pembeni uwe unakachungulia.

fundi_wa_ripoti
Sawa dada, hapo nimejifunza. Lakini yeye anataka kujua kabla ya rifreshi. Faili linatoka saa 11, anayo saa nzima. Weka hii kwenye Task Scheduler saa 11 na nusu. Vichwa.txt ni mstari wa kwanza wa faili la siku iliyo salama:

```
$jana = (Get-Content vichwa.txt) -split ','
$leo  = (Get-Content mauzo.csv -TotalCount 1) -split ','
Compare-Object $jana $leo
```

Ikikaa kimya, lala. Alama `<=` ni kolamu iliyoondoka, `=>` ni iliyoingia.

Mama_Seva
Hii nzuri, ongeza `-CaseSensitive` mwishoni. Bila hiyo PowerShell inaona `Marejesho` na `marejesho` kitu kimoja, wakati Power Query inaziona mbili tofauti. Utaambiwa salama saa 11 na nusu na kugomewa saa 12.

pwani_data
Na wakibadili jina itasemaje?

Mama_Seva
Itatoa alama zote mbili, moja imeondoka na moja imeingia. Kama ni jina limebadilishwa au ni kolamu mbili tofauti, mashine haijui. Fungua faili la jana na la leo, tazama risiti chache, halafu wapigie wenye mfumo. Nimewahi kukisia kwamba `kiasi` imekuwa `thamani`, kumbe kiasi ilikuwa idadi ya katoni.

bi_hesabu
Na wakiacha jina lilelile wakabadili kilichomo? Kwetu `jumla` iliwahi kuanza kuja na VAT ndani yake. Jina halikuguswa.

Mama_Seva
Hapo vichwa havikusaidii. Zidisha idadi kwa bei, halafu gawanya jumla kwa jibu hilo. Ikitoka 1 siku zote halafu asubuhi moja ikawa 1.18, umeshajua. Ila wakiwa na punguzo hesabu hiyo inayumba, na sijapata kipimo kimoja kinachokamata kila kitu.

Chumvi_Nyingi
Sawa, narudisha neno langu. Nusu. Bado sijaamini alikuwa kwenye daladala.

mhasibu_mdogo
Nimefuta Columns=9 usiku huu, marejesho imerudi yote. Na nimeweka ile ya saa 11 na nusu, nimeijaribu na vichwa vya zamani:

```
InputObject SideIndicator
----------- -------------
njia_malipo =>
```

Sasa tatizo jipya. Rifreshi imevuta faili lote, mauzo halisi ya mwezi uliopita yameshuka matawi yote 6, na bosi anafungua ripoti saa 2.

bi_hesabu
Basi una mpaka saa 2. Fika saa 1 na nusu, na hesabu ya Excel uliyofanya kwa mkono uwe nayo mkononi, tawi kwa tawi.

mhasibu_mdogo
Au nirudishe UseNull kwa siku moja tu nijipange?

Kaka_Mkubwa_Temeke
Wewe kijana!