Usaili wa benki Jumanne, kampuni ya matangazo Alhamisi: suti moja itatosha kote?

Kijana wa Makole
Wakuu habari za leo, na wakubwa zangu shikamooni. Wiki ijayo nina usaili mara mbili hapa hapa Dodoma. Jumanne ni benki, nafasi ya ofisa huduma kwa wateja. Alhamisi ni kampuni ya ubunifu na matangazo iliyoko Area D, nafasi ya mbunifu wa michoro. Nilicho nacho kabatini ni suruali nyeusi ya kitambaa, kadeti rangi ya udongo, shati jeupe, shati la drafti, viatu vyeusi vya kamba na raba nyeupe. Koti sina, tai sina. Bajeti ni 70,000. Nitafute suti nyeusi niivae siku zote mbili, au kila sehemu na vazi lake?

Tai Fupi
Suti nyeusi kote, usijichoshe. Mwajiri ni mwajiri. Tena tafuta tai yenye rangi ya benki yenyewe, waone tayari wewe ni wa kwao. Na kumbuka kuna waraka wa mavazi wa 2007, ofisini hakuna kuvaa unavyotaka.

Fundi wa Majengo
Mdogo wangu, usinunue koti jeusi ukalivae na hiyo suruali yako nyeusi. Chini ya taa ya duka utaona vimelingana, ila ukitoka juani, moja linavuta bluu na jingine kahawia. Kila mtu atajua umeunganisha. Kwa suruali nyeusi tafuta koti la kijivu kilichokolea. Hapo tofauti inaonekana umeikusudia.

Kwenye mitumba angalia mabega kabla ya kitu kingine chochote. Simama ubavu wako karibu na ukuta, usogee polepole. Pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, hilo koti ni kubwa, liache hata kama bei inakuita. Kiuno nakupunguzia, mikono nakupunguzia, lakini bega ni kulifumua koti lote, na pesa ya kazi hiyo inanunua koti jingine. Mikono nayo itazame vifungo vyake: kama matundu yake yamekatwa kweli, kufupisha kutoka chini ni shida. Kama vifungo vimeshonewa juu tu kwa urembo, hiyo kazi ndogo.

Halafu pitisha kiganja kifuani mwa koti. Ukiona kitambaa kimetoa malengelenge, gundi ya ndani imeachia, mara nyingi ni kwa sababu lilifuliwa kwa maji. Haitengenezeki. Na wewe ukishalipata usilitie kwenye beseni. Litundike kivulini penye upepo, lisugue kwa brashi, upige pasi juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu. Pasi kavu ikigusa nguo nyeusi au kijivu moja kwa moja inaacha mng'ao, na mng'ao ule hautoki.

Kijana wa Makole
Fundi asante sana, hilo la juani sikuwahi kuliwaza. Vipi ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, unaachwa?

Fundi wa Majengo
Unakatwa. Ule ni wa kushikilia koti lisikunjike dukani. Na kibandiko cha jina kwenye mkono wa koti kifumue pia.

Zabibu Chungu
Nimewahi kukaa upande wa wanaouliza maswali benki, nitasema nilichoona. Tai Fupi, ule waraka ni wa watumishi wa umma, benki binafsi ina taratibu zake. Na tai yenye rangi ya benki wapo waliokuja nayo, mbele ya jopo ilionekana kama mtu ameazima sare. Bluu iliyokolea isiyo na maua inatosha.

Kwa nafasi ya huduma kwa wateja jopo linajiuliza jambo moja: mama aliyeleta akiba ya kikundi chake atamwamini huyu kijana dirishani? Kwa hiyo tunatazama kola iliyokaa, kucha, mkanda unaofanana rangi na viatu, tai ambayo ncha yake inagusa mkanda bila kuning'inia. Shati jeupe lina mtego wake: ukivaa fulana nyeupe ndani, mistari yake inaonekana kwa mbali. Vaa ya kijivu hafifu au isiyo na mikono ya rangi inayokaribia ngozi yako. Shati jipya nalo lifue au lipige pasi vizuri, maana mikunjo ya boksi inaonyesha limetoka kwenye mfuko asubuhi hiyo.

Raba usiguse kabisa siku ya Jumanne.

Wino Mwekundu
Nafanya kazi kwenye kampuni ya aina hiyo ya Alhamisi. Ukija na koti, tai na suruali nyeusi hatutakukataa, ila tutadhani unaomba kazi ya uhasibu. Mbunifu tunamsoma kwa macho yake: rangi zinaongea? Nguo imemkaa? Kadeti yako na shati jeupe, mikono umeikunja mara mbili, koti la kijivu begani au mkononi, hapo tayari. Shati la drafti nisingelivaa, kwenye kikao cha video mistari myembamba inatetemeka, na wakubwa wetu wengine huingia kwa video wakiwa Dar.

Jambo ambalo wengi hawalijui: usivae fulana au kofia yenye nembo ya kampuni ya simu au kinywaji. Inawezekana mshindani wake ndiye mteja wetu mkubwa. Na hapa Dodoma wateja wetu wengi ni wizara na mashirika, tunaingia ofisi za watu wazima. Jinzi iliyochanika magoti iache nyumbani, hata kama umeona wenzetu wa Dar wanavaa.

Tai Fupi
Kwa hiyo raba zinaruhusiwa? Mimi bado sikubaliani.

Wino Mwekundu
Kwetu zinaruhusiwa zikiwa safi. Mkurugenzi wa ofisi jirani hazitaki. Hapo kila ofisi na yake, kijana apite jioni moja aone wafanyakazi wanavyotoka.

Mama Ipagala
Na wadada mnisikie. Sketi ipimeni mkiwa mmekaa kwenye kiti, mkisimama haisemi ukweli. Mpasuo wa nyuma ukifika juu ya goti mkikaa, fundi aushone kidogo. Hijabu ya benki iwe ya rangi moja bila vito. Bangili zinazogongana mezani vueni, zinamkera hata anayeuliza.

Msaka Ajira 2
Samahani wakuu, mimi nina usaili wa maandishi wa Sekretarieti ya Ajira pale UDOM, nivae koti?

Zabibu Chungu
Huo ni wa mchujo, hakuna anayekutazama nguo. Vaa shati la heshima, beba kalamu na vyeti. Koti liweke kwa ajili ya mahojiano ya ana kwa ana ukifaulu.

Kijana wa Makole
Nimepata koti la kijivu Sabasaba kwa 25,000, bega limekaa kwa kipimo cha ukuta. Tai 8,000. Fundi nakuletea kesho mikono ipungue. Natoka Makole kwa bodaboda, vumbi nitafanyaje?

Fundi wa Majengo
Usilivae njiani. Ligeuze ndani nje, lilaze kwenye mfuko, uvae ukifika. Beba kitambaa kikavu cha viatu, kiwi uipake usiku ili asubuhi isishike vumbi ikiwa bado mbichi. Mikono nitaiacha chini ya kifundo kidogo, shati lichungulie kama sentimita 1.

Mama Ipagala
Mimi ningepanda bajaji. Helmeti ya bodaboda inaharibu nywele na kola.

Tai Fupi
Na ndevu? Za benki zinyolewe zote au zipunguzwe tu?