Mwanangu ana mtindio wa ubongo, anayeweza kumlisha ni mimi tu na nimechoka. Naombeni ushauri

Mama Babu, Mikindani

Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo. Amerithi jina la babu yake, kwa hiyo nyumbani wote tunamwita Babu. Hakai mwenyewe, shingo bado inalegea, na miguu inakaza mpaka inapishana. Haongei, ila anatujua wote, na akisikia pikipiki ya baba yake inakata kona anacheka hadi mwili mzima unajinyoosha.

Kinachonimaliza ni kumlisha. Nampakata, kichwa nakilaza kwenye mkono wa kushoto, namnywesha uji kwa kijiko. Mlo mmoja unakula saa nzima, siku nyingine saa na nusu. Anapaliwa, macho yanatoka machozi, uji unarudi puani. Nikimaliza wa asubuhi, wa mchana umeshafika. Mama mkwe ninakaa naye lakini hataki kushika kijiko, anasema mtoto atamfia mkononi. Baba yake hajatukimbia, tena anatuhudumia, ila Babu akianza kupaliwa yeye anatoka nje. Nilikuwa nakaanga samaki nauza, nimeacha. Mgongo unauma kila siku.

La mwisho nisilosema kwa mtu: kuna usiku nawaza Mungu angemchukua tupumzike wote wawili. Halafu asubuhi ananichekea, naona mimi ni mama wa namna gani. Wenzake wa mtaani wameanza chekechea, wakipita na sare zao nageuka nianike nguo. Nampenda sana mwanangu. Nifanyeje?

Mzee wa Nachingwea

Pole sana mwanangu. Usiache kumpeleka kliniki apimwe uzito, hilo ni la kwanza, maana mtoto anayekula kwa shida hukonda taratibu huku ninyi wa nyumbani mmemzoea, hamuoni. La pili, huo uji upunguze. Uwe mwepesi kama maji, ushuke wenyewe kooni. Mjukuu wangu alipokuwa na vidonda vya koo tulifanya hivyo akapona.

Kijana Msafi

Dada, mpeleke shule ya bweni yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Jirani yetu mwanaye ni kiziwi, yuko bweni, sasa anashona nguo vizuri kabisa. Usijitese na mtoto nyumbani wakati serikali ina shule.

Mama Babu, Mikindani

Kijana Msafi asante, ila wangu hakai wala hamezi vizuri. Sijaomba pa kumpeleka, nimeomba namna ya kuishi naye.

Fizio wa Kusini

Nafanya mazoezi tiba ya watoto huku kusini. Mzee wa Nachingwea hapo kwenye uzito yuko sahihi kabisa. Kwenye uji, shikamoo mzee, lakini ni kinyume chake. Koo lenye kidonda linataka kitu chepesi kwa sababu linauma. Koo la Babu haliumi, linachelewa. Misuli ya kumeza haijajipanga, na kitu chepesi kinakimbia kufika nyuma kabla njia ya hewa haijafungwa, ndipo anapaliwa. Uji mzito laini unatembea polepole, unampa nafasi. Kipimo chake: chota, inamisha kijiko. Ukitiririka, bado. Ukidondoka bonge moja, ndio huo. Usiwe na chengachenga wala vipande.

Kubwa kuliko uji ni mkao. Ukimpakata kichwa kikaangukia mkono, kidevu kinaangalia juu. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi: tazama dari halafu meza mate. Umeona kazi yake? Babu anafanya hivyo kila kijiko. Anatakiwa akae wima, makalio yameingia mpaka nyuma ya kiti, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, mikono iko mbele, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake chini kidogo, macho yako yawe usawa wa macho yake au chini yake. Ukimlisha umesimama, atainua kichwa kukutazama na mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Kijiko kiwe kidogo na bapa, kisiwe cha plastiki dhaifu kinachovunjika akiking'ata. Weka katikati ya ulimi, bonyeza chini kidogo, subiri mdomo ufunge, kisha toa moja kwa moja mbele. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu, utamrudisha kichwa nyuma. Halafu ngoja ameze. Wengi wanahitaji kumeza mara mbili kwa kijiko kimoja, na hapo ndipo akina mama mnaharakisha.

Mlo ukifika nusu saa, acha, hata kama bakuli halijaisha. Baada ya hapo amechoka, na mtoto aliyechoka hupaliwa zaidi. Badala ya milo mitatu mirefu mpe mitano au sita mifupi, na kila mlo uwe na nguvu: uji uwe na tui zito, kijiko cha mafuta, korosho au karanga zilizosagwa zikalainika kabisa. Kusini hatuna kisingizio cha korosho. Akimaliza akae wima nusu saa nyingine, usimlaze. Akiwa na usingizi au ametoka kwenye degedege, usimlishe mpaka azinduke vizuri.

Nina swali: anakohoa usiku? Ameshapata nimonia mara kwa mara?

Mama Babu, Mikindani

Nimonia ndiyo, kila msimu wa mvua. Na akishakula sauti yake inakuwa kama ina maji ndani.

Fizio wa Kusini

Hiyo sauti ya majimaji ndiyo inayonitia wasiwasi. Ina maana chakula au mate yamebaki juu ya njia ya hewa, na mengine huenda yanaingia mapafuni. Wapo wanaoingiza bila hata kukohoa. Mpeleke hospitali ya mkoa au ya kanda hapo Mtwara kifua kisikilizwe, na useme wazi kwamba anapaliwa, usiseme tu ana kikohozi. Siku nyingine ukiona homa, hesabu pumzi zake akiwa ametulia. Kwa umri wake zikifika 40 au zaidi kwa dakika, au mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Na nikuambie ukweli, mkao na uji mzito husaidia wengi, lakini si wote. Wapo ambao mwisho huwekewa njia ya kulishwa tumboni. Hilo haliamuliwi humu.

Mama Salma, Masasi

Dada, mimi niongelee hilo la usiku, maana naona watu wamelikwepa. Wangu ana miaka 13, hali kama ya Babu. Hayo mawazo nimeyawaza, na akina mama ninaokutana nao kwenye mazoezi wakishazoeana wanayasema mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Ni uchovu unaongea. Lakini yapo ya kutofautisha. Kuwaza "angepumzika" ni kitu kimoja. Ukianza kuwaza utafanya nini kwa mkono wako, kwake au kwako, siku hiyohiyo mwambie mtu aje akae nawe na uende hospitali. Na kama mtoto amelala wewe hulali, chakula hakina ladha, samaki uliokuwa unawapenda hata kuwanusa hutaki, na inapita wiki mbili hivyo, nenda kliniki ya afya ya akili. Mimi nilienda. Hawakuniita kichaa.

Huzuni usitegemee itaisha ukaiweka kando. Ya kwangu ilitulia miaka mingi, nikajua nimeshapoa. Halafu wenzake wakaingia jando. Siku wanatolewa, ngoma inapita barabarani, nguo mpya, watu wanatunza hela, na mimi nimemshika wangu dirishani anacheka ngoma. Nililia kama siku niliyoambiwa hali yake. Na kumpenda nilimpenda vilevile siku hiyo. Sasa misimu hiyo naijua, siku za kutolewa naenda kwa dada yangu Ndanda. Wanasema nakimbia. Na waseme.

Lakini naweza kwenda Ndanda kwa sababu yupo mwingine anayejua kumlisha. Hapo ndipo pa kuanzia wewe. Mama mkwe wako si mkaidi, anaogopa, na ana haki ya kuogopa kama anachokiona kila siku ni mtoto anapaliwa. Usimkabidhi kijiko sasa. Kwanza rekebisha mkao, akae pembeni aone mtoto anakula bila kupaliwa. Akishazoea, ampe vijiko vitatu vya mwanzo wakati Babu ana njaa na hajachoka, wewe uko hapohapo. Kisha nusu bakuli. Kisha wewe uwe uani. Mimi ilichukua muda mrefu, mama alikuwa anaita jina langu kila kijiko.

Fizio wa Kusini

Niongeze moja kwa bibi, litamtoa hofu: akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, mwinamishe mbele tu. Asimpe maji, asiingize kidole mdomoni. Kama sauti haitoki na rangi inabadilika, mwinamishe mbele kifua kikiwa kimeshikiliwa, ampige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano huku akiita msaada. Mwombe mhudumu hospitalini amwonyeshe kwa vitendo.

Baba Kijacho

Mnamwonea huruma bibi, na huyo mume anayetoka nje? Mwanaume akabidhiwe mtoto, basi. Atajifunza.

Mama Salma, Masasi

Baba Kijacho, ukimkabidhi mtoto anayepaliwa mtu anayetetemeka, anayeumia ni mtoto. Mume wangu alianza na kumwogesha. Kulisha mpaka leo hajawahi.

Baba Kijacho

Miaka 13? Huo ni uzembe, dada yangu, tusipake rangi.

Mama Salma, Masasi

Labda. Ila maji anachota yeye.

Mama Babu, Mikindani

Narudi kuwajulisha. Hospitali tulienda, kifua kilikuwa na maambukizi, amepewa dawa na tumepangiwa kurudi waangalie kumeza kwake. Kwa sasa namkalisha kwenye kona ya ukuta, mto huku na huku, kanga nimeipitisha kifuani, nyayo kwenye tofali lililofungwa kitambaa. Uji mzito wa korosho kwanza aliutema, sasa anaupokea. Kupaliwa kumepungua, hakujaisha. Jana mama mkwe alimpa vijiko viwili akarudisha bakuli haraka, akaenda kuswali. Mgongo bado. Baba yake sijaongea naye, sijui nianzie wapi.

Sauti ya maji ipo asubuhi tu. Fizio, hiyo ni kawaida? Na fundi ananiuliza vipimo vya kiti.

Fizio wa Kusini

Ya asubuhi iseme siku ya kurudi, inaweza kuwa mate ya usiku, sitaki kubahatisha. Vipimo mchukue akiwa amekaa: kuanzia makalio mpaka nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili, hicho ndicho kina cha kiti. Kuanzia nyuma ya goti mpaka kisigino, hiyo ni kimo cha kukalia mpaka pa kukanyagia. Mgongo wa kiti uwe mbao mbili zilizokutana kwa kona, zitamsukuma mabega mbele. Katikati ya mapaja aweke kigingi kifupi kilichofungwa sponji, miguu isipishane. Na meza mbele, usawa wa viwiko. Mwambie atumie skrubu asipige misumari, maana baada ya mwaka mtabadilisha vipimo.

Mzee wa Nachingwea

Na mbao aipige msasa vizuri, mtoto asichomwe. Nimeelewa kuhusu uji.