Samaki wa darasani wamehesabiwa kama chai ya mkutano, afisi ya fedha imetukata nusu

Jiko_la_Kisumu

Jamani niruhusuni nifoke hapa, maana nikifokea kazini nitaandikiwa barua ya kujieleza.

Mimi ni mkufunzi wa upishi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu, jina sitalitaja. Mwezi wa pili afisi ya fedha ilituletea fomu ya idara kuombea bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1. Memo iliandikwa tarehe 9 Februari. Kwangu ilifika tarehe 16, na makataa yalikuwa tarehe 20 saa kumi na moja jioni. Hiyo wiki nzima iliyopotea njiani hakuna anayejua ililala kwenye dawati la nani.

Fomu yenyewe ni shiti ya Ekseli. Unaandika kitu unachotaka, kipimo, idadi, bei ya kimoja, na jumla inajifanya yenyewe. Halafu kuna safu ya fungu, ambayo huruhusiwi kuiandika. Unabonyeza kishale, orodha inashuka, unachagua. Mwisho kuna safu ya sababu, na hiyo inakubali herufi 60 pekee. Ukizidisha, kompyuta inalia na maneno yako yanafutika. Mwalimu wa upishi aeleze mtaala wa mwaka mzima kwa herufi 60!

Hesabu yangu ilikuwa safi. Nina wanafunzi 48, wanapika kwa vikundi vya wanne, yaani vikundi 12. Kila kikundi kwa kipindi kimoja cha vitendo ni shilingi 1,100: ngege mmoja wa wastani, unga, mafuta, maziwa, mboga, viungo. Vipindi 8 kila muhula, mihula mitatu, jumla 24. Hiyo ni 316,800. Halafu mtihani wa vitendo, ambapo kila mmoja anapika peke yake kwa 900, ni 43,200. Jumla 360,000 kamili. Sikupandisha hata shilingi.

Kwenye orodha nikaona "Chakula na Vinywaji". Samaki ni chakula au si chakula? Nikachagua.

Majuzi rasimu ilirudi. Mstari wangu unasoma 180,000. Nikabonyeza ile seli nione nani kafanya nini, nikakuta hii:

```
=F14*0.5
```

Mstari wa juu yake ni chai ya mikutano ya idara, shilingi 12,000, nao una `=F13*0.5`. Kumbe agizo lilitoka la kupunguza matumizi ya ukarimu kwa nusu, na mtu akaivuta fomula kutoka juu hadi chini bila kusoma mstari hata mmoja. Kwa hiyo ngege wa mtihani amekuwa mandazi ya saa nne.

Sasa nipigieni hesabu. Nikitoa mtihani, ambao siwezi kuugusa, nabaki na 136,800. Kipindi kimoja ni 13,200. Napata vipindi 10 badala ya 24. Vile vingine 14 nifundishe kuparua samaki kwa kuchora ubaoni?

Nilipoenda afisini nikaambiwa makataa ya rufaa yalikuwa siku tano za kazi, yameshapita, na kwamba "maelekezo yote yako kwenye fomu". Nimechoka.

KijanaWaKondele

Pole sana mwalimu. Lakini si ungegawa tu? Weka laki moja kwenye vifaa vya afisi, laki nyingine kwenye usafi, iliyobaki kwenye mafunzo. Hakuna anayesoma. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo na pesa zinatoka.

Mama_Ahero

Habari zenu. Hiyo fomu ya kuomba pesa inapatikana wapi? Sisi ni kikundi cha kina mama 14, tunakaanga samaki hapa Ahero, na tungependa kuomba kabla ya makataa.

Jiko_la_Kisumu

Mama, hii ni ya idara za chuo peke yake, si ya vikundi. Mtu wa nje hawezi kuijaza. Na hata sisi wa ndani, unaona tulivyopata.

Karani_Mstaafu_Nakuru

Mwalimu, nimekaa na mafungu haya miaka mingi hapa Nakuru kabla sijastaafu. Umeonewa, lakini mlango wa huo uonevu uliufungua mwenyewe bila kujua. Usinikasirikie, nisikilize.

Kwenye orodha ya hesabu za serikali kuna mahali pawili panapotaja chakula. Pa kwanza ni 2210800, fungu la ukarimu: chai za mikutano, wageni, hafla. Pa pili ni ndani ya 2211000, vifaa na bidhaa maalumu, ambako kuna msimbo 2211015 wa chakula na posho. Chuo chako huenda kina misimbo yake, lakini mgawanyo ni huo huo. Kinacholiamua fungu ni sababu ya kununua. Samaki anayeliwa na wajumbe wa mkutano ni ukarimu. Samaki huyo huyo akiparuliwa na mwanafunzi ili apewe alama, ni kifaa cha kufundishia, sawa na mbao kwa fundi seremala au waya kwa darasa la umeme. Idara ya useremala haijakatwa mbao, sivyo? Nenda uangalie mstari wao umeandikwa fungu gani.

Kila agizo la kubana matumizi likishuka, ukarimu na safari ndivyo vinavyoguswa kwanza. Ukiweka kitu chako cha kazi humo, umekilaza barabarani.

Na wewe kijana wa Kondele, usimpeleke mwalimu wa watu kwa wakaguzi. Ukinunua samaki kwa fungu la vifaa vya afisi, siku ya malipo invoisi inasema samaki na voti inasema karatasi. Karani makini anakurudishia. Asipokuwa makini, mkaguzi atakuja kuuliza, na sahihi ni ya mkuu wa idara. Kwamba zilitoka mwaka huo haina maana hazitaulizwa.

Fundi_wa_Vihiga

Nyongeza kwa mwalimu: punguza bei zako kwa kutoa VAT, maana chuo cha umma hakilipi kodi hiyo. Hapo utaokoa asilimia 16 na utatosha kwenye dari lao, yaani kikomo cha pesa walichoweka.

Karani_Mstaafu_Nakuru

Hapo uko sahihi nusu. Elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo chuo hakiongezi kodi hiyo kwenye karo. Lakini kikienda dukani kinalipa kama mimi na wewe, na kwa kuwa hakitozi, hakina pa kuidai kodi iliyolipwa irudi. Ukiomba sufuria bila VAT, siku invoisi ikija utapungukiwa asilimia 16 kwenye voti. Kwa mwalimu haisaidii hata hivyo, kwa sababu samaki mbichi na mboga za sokoni hazina VAT ya kutolewa.

Sista_Kakamega

Afadhali nyinyi mlikatwa nusu. Mimi ni muuguzi. Tuliomba sare na aproni za plastiki, tukaziweka mstari mmoja tukaandika "mavazi". Wakazirudisha zote wakisema sare ni suala la wafanyakazi, si la idara. Aproni zile si nguo za mtu, ni kinga ya kazini! Tumemaliza mwaka tukikopa wodi ya pili.

Mhasibu_Mwenye_Usingizi

Acheni mtu wa upande wa pili naye aseme. Mimi nafanya kazi afisi ya fedha mahali fulani, si kwa huyo mwalimu. Tunapokea fomu za idara zote Ijumaa saa kumi na moja kasoro, na Jumatatu jumla lazima iwe mezani. Agizo la "punguza ukarimu nusu" huja kwa fungu, haliji kwa mstari. Nikianza kuchagua huyu nimkate, yule nimwache, kesho naambiwa nina mapendeleo. Na mara nyingi shiti ya maelekezo ipo, ni ya tatu kule chini, watu hawaifungui. Mwalimu, hebu ifungue utuambie imeandika nini.

Jiko_la_Kisumu

Nimeifungua sasa hivi. Ipo kweli. Maandishi ni madogo kama ya kwenye paketi ya dawa. Mstari wa 22 unasema: "Vifaa Maalumu: malighafi na bidhaa zinazotumika moja kwa moja katika kazi kuu ya idara." Sawa, kosa moja nalikubali. Lakini kwenye ile orodha inayoshuka wameandika "Vifaa Maalumu" tu, basi. Mimi nikadhani ni mashine. Nani duniani huita nyanya kifaa?

Karani_Mstaafu_Nakuru

Ndiyo maana nakwambia usiandike rufaa. Rufaa ni ya mtu anayetaka pesa zaidi, nayo makataa yake yamepita. Wewe andika memo ya kusahihisha fungu. Sema hivi: mstari wa 14 uliwekwa kwenye fungu lisilo lake, tunaomba uhamishiwe Vifaa Maalumu kwa kiasi kilichoombwa cha 360,000, kwa kuwa agizo la ukarimu haliuhusu. Taja kiasi. Usipotaja, watahamisha 180,000 na watasema wamekusaidia.

Ambatisha vitu vitatu: ukurasa wa mtaala unaodai vipindi vya vitendo, ratiba ya muhula, na idadi ya wanafunzi kutoka kwa msajili. Zile herufi 60 haziwezi kubeba haya, karatasi inaweza.

Na uwahi kabla bajeti haijafika kwenye bodi, na kabla mpango wa ununuzi wa mwaka haujafungwa, maana mpango huo hunakili misimbo ya bajeti. Bodi ikishapitisha, kuhamisha pesa kutoka fungu hadi fungu kunataka idhini mpya, na hapo utasubiri sana.

Mhasibu_Mwenye_Usingizi

Mzee amesema vizuri, ila naongeza jambo moja chungu. Kama kuna dari la kila fungu, na si la idara nzima, hiyo 360,000 lazima imtoe mtu mwingine ndani ya Vifaa Maalumu. Useremala hawatakubali mbao zao zipungue kimya kimya. Uliza kwanza dari ni la aina gani.

Karani_Mstaafu_Nakuru

Hilo ni kweli, na siwezi kulijua nikiwa huku.

Jiko_la_Kisumu

Nimerudi na habari. Memo nimeipeleka leo asubuhi, kurasa nne na viambatisho. Nimeomba igongwe muhuri wa kupokelewa nikiwa nimesimama pale pale, nimebaki na nakala. Nimeuliza kuhusu dari. Mmoja akasema ni la idara, mwenzake wa meza ya pili akasema ni la fungu, wakaanza kubishana wao kwa wao nikaondoka. Bodi inakaa wiki ijayo, siku haijulikani.

Mkuu wa useremala amenipita kwenye korido hajanisalimia, kwa hiyo nadhani ameshasikia. Nimefungua shiti tena jioni hii. Mstari wa 14 bado una ile nusu yake.