Dadu yetu inazipunja 5 na 6, msimamizi hataki kusikia

Wakuu, nina hasira. Wiki ya pili sasa nabishana na msimamizi wa mradi kwa ajili ya mstari mmoja:

```
return baiti() % 6 + 1;
```

Anasema karusha dadu mara 600, namba zote zikatoka karibu sawa, basi nisimsumbue. Mara 600! Kwa urushaji mchache hivyo kasoro inamezwa na bahati. Usirushe kabisa: pitisha baiti zote, 0 hadi 255, kila moja mara moja, uhesabu. Mafungu kamili ya sita sita ni 42, yanaishia 251. Zinabaki nne, 252 mpaka 255, nazo zinaangukia 1, 2, 3 na 4. Hizo zinapata nafasi 43 kila moja, 5 na 6 zinaambulia 42. Na zawadi kubwa ya mchezo wetu iko kwenye 6! Wachezaji wakilalamika tunawaita wabishi.

Dawa ni kuzitupa hizo nne, uchote nyingine:

```
do b = baiti(); while (b >= 252);
return b % 6 + 1;
```

Marekebisho yangu yamekataliwa bila kusomwa.

Kisiki: Jenereta yako mbovu mkuu. Soma `/dev/urandom`, yataisha.

Mwenye uzi: Ndiko ninakosoma! Baiti zinatoka sawa kabisa. Upendeleo unaingia kwenye kugawanya.

Binti Hesabu: Mbona unaweza bila kutupa kitu? Zidisha baiti kwa 6, gawanya kwa 256, acha desimali, ongeza 1.

Fundi Saa: Umepata nusu, dada. Baiti 256 kwenye vyumba sita hazienei, uzipange utakavyo. Kwa njia yako wanaopunjwa ni 3 na 6. Dhuluma imehama tu. Ukichota biti 32 badala ya 8, tofauti inakuwa ndogo mno kuonekana mchezoni. Ila kutupa kunaiondoa kabisa, na unapoteza wastani wa baiti 1 katika kila 64.

Usiku Mwema: Mmenishtua. Mimi natengeneza nywila kwa `% 62`, herufi na tarakimu. Nimehesabu sasa hivi: herufi nane za mwanzo zina nafasi 5, zote zilizobaki 4. Robo nzima zaidi! Nitupe kuanzia ngapi, 252?

Fundi Saa: 248. Hiyo 252 ni ya sita.

Kisiki: Na hicho kitanzi kisipoisha?

Mwenye uzi: Kutupa mara kumi mfululizo ni nafasi 1 kati ya 2^60. Utasubiri sana.

Fundi Saa: Kama jenereta ni nzima. Niliwahi kukuta kifaa kimekwama, kinatoa 255 tu. Kitanzi cha namna hii kiliganda palepale. Msimamizi wako naye angepata 4, 4, 4, programu inaendelea kama kawaida. Ukiweka kikomo cha majaribio, kikifika utarudisha nini?

Mwenye uzi: Kosa. Programu isimame.

Binti Hesabu: Katikati ya mchezo? Hapo sikubali.