Nimepigwa 150,000 kwa Seiko ambayo jamaa hakuwahi kuwa nayo

Mlalahoi_Tabata:
Wakuu, nina hasira mpaka chakula hakipiti. Jumamosi niliona Instagram Seiko 5 otomatiki, uso mweusi, mkanda wa chuma, 220,000. "Imetumika kidogo, imetoka Dubai." Ukurasa una wafuasi elfu 38. Nikamfuata inboksi, na jamaa ana adabu kuliko bwana harusi aliyekuja kuposa. "Bosi, tuma nusu nikutengee, kuna mteja wa Mwanza anaitaka leoleo."

Nikatuma 110,000. Kabla sijaweka namba ya siri, jina lililotokea ni la mwanamke, wakati ukurasa una jina la mwanaume. Nikamuuliza, akasema hela za duka anashika mke wake. Nikaona huyu mtu ana familia yake, nikabonyeza.

Baadaye kidogo, 15,000 ya boda. Nikatuma. Jioni, boda kakamatwa na trafiki, ongeza 25,000, utarudishiwa mzigo ukifika. Nikatuma tena! Hapo nilikuwa silipii saa, nilikuwa nalipia zile 125,000 zisipotee. Alipoomba 40,000 nyingine nikagoma, akanibloku hapohapo. Nikapiga kampuni ya simu wairudishe, wakanijibu imeshatolewa kwa wakala. Picha tatu alizonitumia hizi hapa. Niambieni nilikosea wapi, ila msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Binti_Chuma:
Pole mkuu. Namba yake itume 15040, halafu kachukue RB polisi. Ila usitegemee hela kurudi wiki hii.

MzeeWaKazi:
Mimi nilishaona picha ya pili tu. Siku imeandikwa Kiarabu! Seiko ya Kijapani Kiarabu inatoka wapi? Hiyo ni feki, hata angekuletea ungekuwa umeliwa tu.

Fundi_Mishale:
Mzee, hapo umeteleza. Seiko 5 zilizouzwa Uarabuni zina gurudumu la siku lenye Kiingereza na Kiarabu, na ni orijino kabisa. Mwenyewe unachagua isome lugha gani.

Mtoa mada, umeangalia picha ya kwanza? Dirisha la siku linasoma SAB, yaani Jumamosi kwa Kihispania. Gurudumu la saa hizi kwa kawaida lina Kiingereza na lugha nyingine moja. Kihispania picha ya kwanza, Kiarabu picha ya pili, hizo ni saa mbili tofauti na yeye anakuuzia moja. Na mkwaruzo ulio karibu na kitasa cha kurekebishia muda kwenye ya kwanza, kwenye ya tatu haupo. Kaokota picha za watu huko na huko. Zipitishe Google Lens, usishangae ukizikuta kwenye tangazo la mtu wa bara jingine.

Mimi humwambia muuzaji anirekodie video bila kukata: avute kitasa, apeleke mishale kwenye muda nitakaomtajia mimi, kisha aigeuze nione namba ya mgongoni. Mwenye picha za kuazima atakwambia kamera imeharibika.

Dogo_Janja_wa_Mbagala:
Hiyo saa inatumia betri gani? Ya kwangu imesimama tangu mwezi wa tatu.

Fundi_Mishale:
Otomatiki haina betri, dogo. Ya kwako ni kesi nyingine, fungua uzi wako.

Mama_Shari:
Video nayo siyo kinga. Mimi nilitumiwa video safi, na nikagoma kutuma hela mpaka mzigo ufike. Boda akaja, boksi limefungwa kwa gundi, anasema ameambiwa asifungue kabla ya malipo. Nje jua kali, mtoto analia ndani, nikalipa 160,000. Kufungua, ni saa ya betri, mshale wa sekunde unaruka tiki, tiki. Boda ameshaondoka, na naye masikini alikodiwa tu.

Fundi_Mishale:
Kweli dada. Video inaonyesha kwamba anayo, haionyeshi kwamba ndiyo atakayoileta. Hela itoke ukishaishika na kuigeuza mwenyewe. Asiyekubali, mwache na boksi lake.

MzeeWaKazi:
Na hao wafuasi elfu 38?

Binti_Chuma:
Bonyeza jina la ukurasa, ingia "About this account". Huo uliwahi kubadilisha jina mara tano. Posti za chini kabisa ni keki za harusi, na posti ya saa ina laiki tisa. Wanunuzi wa keki wamegeuzwa wateja wa Seiko bila kujua. Labda wameuiba, labda wameununua, sijui.

Mlalahoi_Tabata:
Nimeingia kwa simu ya mke wangu sasa hivi. Jina limebadilika tena, ila SAB ni ileile na mkwaruzo ni uleule. Bei imeshuka, 190,000. Kuna dada anauliza "mnaleta Morogoro?" Nikamwandikia asitume hata mia. Hazikupita dakika mbili maoni yakafutwa, na mke wangu naye kablokiwa.