Tupeane uzoefu: njia ya mkato ya majaribio uliyoisahau ndani ya gemu

FundiGemu
Wakuu, naanza na aibu yangu. Gemu langu la bodaboda lilikuwa sokoni wiki ya tatu. Mtoto wa dada akaja Jumapili na simu yake, ananiambia, "Anko, gusa tangi la mafuta mara saba." Nikagusa. Sarafu 5,000 zikamwagika.

Niliiweka mwenyewe, usiku nikijaribu duka la pikipiki, kwa sababu kukusanya sarafu kihalali kulinichukua saa nzima. Nilifungua faili nikaikuta imekaa kimya:

```csharp
if (taps == 7) coins += 5000;
```

Kumbe dalili zilikuwepo. Kwenye orodha ya vinara, watu wa juu walikuwa na 25,140, 40,085, 60,210. Ukiondoa hiyo mikupuo ya elfu tano, wanabaki na sarafu za mtu aliyecheza dakika tatu. Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba gemu limenoga!

Mtaa_wa_Pili
Mkuu, futa huo mstari, toa toleo jipya, kesi imeisha.

BiMsimbo
Haijaisha, ndugu yangu. Asiyesasisha anabaki na tangi lake, na sarafu zimeshahifadhiwa kwenye simu. Seva ya vinara ndiyo ikatae alama za toleo la zamani. Halafu usitegemee kukumbuka kufuta. Vitu vya majaribio vifunge hivi, visiingie kabisa kwenye toleo la sokoni:

```csharp
#if UNITY_EDITOR
if (taps == 7) coins += 5000;
#endif
```

Ukitaka kujaribu kwenye simu, ongeza `|| DEVELOPMENT_BUILD`. Ila hapo angalia usije ukapakia sokoni toleo lililotengenezwa kwenye Unity huku Development Build ikiwa na tiki. Mimi yalinikuta, nikakaa siku mbili natafuta kosa kwenye msimbo, na msimbo hauna kosa.

Dogo_PS2
Samahani, mwenye njia za mkato za gemu la magari la PS2 anitumie, hasa ile ya pesa.

BiMsimbo
Dogo, hapa tunazitoa, hatugawi.

MzeeKonsoli
Hamko peke yenu. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, akihamishia Gradius kwenye NES mwaka 1986, aliona gemu gumu mno kulijaribu. Akaweka mfuatano wa vitufe, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, unaompa silaha karibu zote. Gemu likatoka nao. Leo watu wanaukariri. Mimi ningeliacha hilo tangi.

FundiGemu
Mzee, yule alikuwa hana orodha ya vinara mtandaoni. Seva nimeshairekebisha. Ila mtoto wa dada amegoma kusasisha, na darasa lao zima.

Mtaa_wa_Pili
Basi tangi libaki, sarafu zake zisihesabiwe kwenye vinara?

FundiGemu
Nalifikiria hilo. Mwingine aje na yake.